Shamba la mteremko: tenga bloku kwanza, kura baadaye

Wanafunzi wa kilimo hapa Bukavu huniletea swali lile lile msimu wa kupanda unapokaribia. Wana aina tatu za maharagwe za kulinganisha, wamepewa shamba la mteremko upande wa Kabare, wamekata vipande 12, na wanauliza kama inatosha kupiga kura shamba zima, kila aina ipate vipande vinne popote itakapoangukia. Kwa shamba la namna hiyo nawaambia hapana, kwa sababu ya udongo.

Mvua hushusha udongo mzuri kutoka juu ya kilima. Maharagwe ya chini hushiba, ya juu hubaki membamba, ingawa mbegu ni moja. Kura ya shamba zima haina upendeleo, hilo sikatai: jaribio likirudiwa mara nyingi, kila aina itapata zamu yake huko chini. Lakini wewe una msimu mmoja. Aina moja inaweza kuangukia vipande vitatu vya chini, na hata isipotokea hivyo, vipande vya mbegu ile ile vitatofautiana sana kwa sababu ya udongo. Tofauti hiyo yote inahesabiwa kuwa kosa la jaribio, yaani tofauti isiyotokana na aina ya mbegu.

Kwa hiyo likate shamba kwa kanda zinazokatiza mteremko, kila ukanda ukikaa kwenye usawa mmoja wa kilima. Kila ukanda ni bloku moja, wenye vipande vitatu, na ndani yake kila aina inapandwa mara moja. Kura inapigwa upya katika kila bloku. Usinakili mpangilio wa A, B, C kutoka bloku moja hadi nyingine.

Tuchukue mfano wa kujifunzia, mavuno kwa kilo, kwa programu ya takwimu ya R. Bloku 1 iko juu kabisa, bloku 4 iko chini:

```
mavuno <- c(3.5,3.5,5, 4.5,6.5,7, 7,8.5,8.5, 9,9.5,11.5)
aina   <- factor(rep(c("A","B","C"), 4))
bloku  <- factor(rep(1:4, each=3))
summary(aov(mavuno ~ bloku + aina))
```

Wastani wa A ni kilo 6, B 7, C 8. Ukitazama bloku, wastani unapanda kutoka 4 juu hadi 10 chini, yaani kilima kina nguvu kuliko mbegu. Jumla ya miraba ya tofauti zote ni 70. Aina zimechukua 8, bloku 60, na kosa limebakiwa na 2 tu. Gawanya kwa digrii za uhuru: aina 8/2 = 4, kosa 2/6 = 0.33. F ya aina, yaani wastani wa miraba wa aina ukigawanywa kwa wa kosa, ni 12, na kizingiti cha asilimia 5 ni 5.14. Tofauti ya mbegu imeonekana wazi.

Sasa toa `bloku` kwenye fomula. Zile 60 hazipotei. Zinarudi kwenye kosa, ambalo linakuwa 62 kwa digrii 9, karibu 6.9. F inashuka hadi 0.58, na ungeandika kwamba mbegu hazitofautiani. Kura ya shamba zima ingeleta mavuno mengine, si haya haya, lakini mzigo wa kilima ungebaki ndani ya kosa kwa namna hiyo.

Angalia pia neno `factor`. Ukiacha bloku kama namba 1 hadi 4, R itaichukulia kuwa mstari ulionyooka. Dalili yake ni safu ya `Df`: bloku itaonyesha 1 badala ya 3.

Dosari ninayoikuta zaidi shambani ni bloku zilizokatwa kutoka juu kwenda chini. Kila bloku hapo ina kipande cha juu na cha chini, na ile tofauti uliyotaka kuitoa imebaki ndani. Kabla ya kuchomeka vijiti, muulize mama anayelima shamba hilo. Atakuonyesha mahali maji yanapotuama na mahali palipokuwa na zizi la ng'ombe, na bloku ifuate maneno yake kuliko kamba iliyonyooka. Kazi nayo iende kwa bloku: kama palizi haiishi siku moja, malizeni bloku nzima ndipo mlale, ili tofauti ya siku iende pamoja na bloku.

Bloku ina gharama yake. Hapa digrii za kosa zimeshuka kutoka 9 hadi 6, na kizingiti kimepanda kutoka 4.26 hadi 5.14. Kwenye shamba tambarare, lenye udongo wa aina moja, unalipa bila kupata kitu. Utalijua hilo pale wastani wa miraba wa bloku unapokuwa sawa na wa kosa au chini yake. Na ukiwa na aina 20 badala ya tatu, ukanda mmoja unakuwa mrefu mno, udongo unabadilika ndani yake, na mpangilio huu hautoshi tena.