Malagarasi haina irabu ya kutupa

"Shikamoo mwalimu. Mwalimu wetu wa Kiingereza anasema ukitaka usikike kama mwenye lugha, kwenye neno refu upige mkazo mahali pamoja tu, irabu nyingine uzilegeze mpaka zikaribie kupotea. Je, na Kiswahili ni hivyohivyo? Neno kama 'hawatatushughulikia' mkazo wake unakaa wapi?"
Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Urambo, Tabora

Marahaba. Mkazo unakaa kwenye *ki*, silabi ya pili kutoka mwisho, na irabu nyingine zote nane zinatamkwa kama zilivyoandikwa. Mwalimu wako hana kosa hata kidogo. Kosa linaanza pale somo lake linapotoka darasani likashika kipaza sauti na kuanza kututangazia habari kwa Kiswahili. Huko ndiko nitakakokupeleka, maana jambo lenyewe nimelivumilia muda mrefu na swali lako limenipa upenyo.

Hiyo irabu iliyolegea wataalamu wanaiita shwa. Jina limetoka kwenye sarufi ya Kiebrania, likaenezwa na wanaisimu wa Kijerumani, na alama yake ni e iliyopinduliwa kichwa chini: ə. Ukitaka kuitoa, uache ulimi katikati ya kinywa, usiupandishe wala kuushusha, midomo usiibane wala kuitanua, kisha toa sauti fupi. Ni irabu ya mtu ambaye bado hajaamua aseme nini. Kwa Waingereza ndiyo irabu inayotokea mara nyingi kuliko zote, na haina herufi yake: leo imejificha nyuma ya *a*, kesho nyuma ya *o* au *e*.

Kwao ina kazi halali. Chukua neno lao la picha ya kamera. Picha yenyewe ni FOU-tə-graf. Mpiga picha ni fə-TO-grə-fə. Kitu cha kipicha ni fou-tə-GRA-fik. Mkazo unaruka kutoka silabi ya kwanza kwenda ya pili, kisha ya tatu, na kila irabu unayoihama inazimika, unayoihamia inawaka. Ile *o* ya mwanzo ni *ou* kamili kwenye neno la kwanza, na kwenye la pili si kitu, ni ə. Kwa hiyo Mwingereza akisikia mtu anazitamka irabu zote kwa nguvu sawa, sikio lake linakosa pa kushika, hajui neno limesimamia wapi. Mwalimu wako anakufundisha kumhurumia Mwingereza huyo. Mtii, na umtii saa ya Kiingereza.

Sasa tazama Kiswahili kinavyofanya safari hiyohiyo. *Shughuli*: mkazo uko kwenye *ghu*. *Shughulika*: umehamia *li*. *Shughulikia*: uko *ki*. *Shughulikiana*: umeshuka kwenye ile *a* iliyo kabla ya *na*. Vituo vinne, na kila mara mkazo umeondoka silabi moja ukaenda inayofuata, kwa sababu neno limeongezwa mkia na mkazo lazima ubaki wa pili kutoka mwisho. Lakini sikiliza *ghu*. Ilipokuwa na mkazo ilikuwa *ghu*. Mkazo ulipoihama ilibaki *ghu*. Ilipungua urefu na nguvu kidogo, basi, haikubadili sura. Mkazo kwetu ni mgeni wa silabi, akiondoka haondoki na vyombo vya nyumba.

Hata maneno tuliyochukua kwa hao Waingereza tuliyarudishia irabu zilizokuwa zimekufa. Wao wanasema KA-mə-rə, sisi tunasema ka-ME-ra. Wao SI-nə-mə, sisi si-NE-ma. Angalia tulichofanya: silabi ileile waliyoibana mpaka ikakosa pumzi, sisi ndiyo tuliyoipa mkazo. Hospitali ndiyo kabisa, wao wanashuka mwanzoni kwenye *hos*, sisi tunasubiri mpaka *ta*.

Nimefika kwenye kero yangu. Kuna kijana mmoja mtangazaji, simtaji, sauti nzuri, pumzi ndefu, amekulia hukuhuku kwetu. Siku akisoma habari zinazogusa Malagarasi, mimi huzima jiko nikasikilize. Malagarasi, kwa msomaji asiye wa ukanda huu, ni mto unaomwaga maji Ziwa Tanganyika, na pia ni kituo cha reli ukishapita Urambo na Kaliua kuelekea Uvinza na Kigoma. Jina lina silabi tano: *Ma-la-ga-RA-si*. Katika hizo tano, nne zina *a*. Hakuna jina jepesi kuliko hili kwa kinywa cha Mtanzania, mtoto anayejifunza a e i o u analisoma bila kushikwa mkono. Kijana wetu anasema *Mələgə-RAAA-si*. Anashuka kwa kishindo kwenye *ra*, na kabla ya hapo silabi tatu nzima anazipitia kama abiria aliyelala vituo vitatu.

Mtu ataniambia: mwalimu, mkazo si ameuweka mahali pake? Ameuweka, na ndiyo maana nimemchagua yeye. Ingekuwa anasema *MA-lagarasi* kila mtu angecheka na yangeisha. Huyu mkazo wake ni sahihi na bado hasikiki kama mtu wa Kigoma wala wa Tabora wala wa Unguja. Anasikika kama mgeni aliyeshuka na ramani mkononi. Vivyo hivyo kwa jina la mji wetu: *Tə-BOO-rə*. Mkazo uko palepale tunapouweka sisi, lakini *a* mbili zimezikwa, moja kila upande wa *bo*. Kwa hiyo mkazo ni jambo moja na uzima wa irabu ni jambo jingine. Anayejifunza la kwanza peke yake ataendelea kushangaa kwa nini watu wanamjibu kwa Kiingereza.

Ingekuwa ni suala la urembo tu ningenyamaza, watu wanavaa watakavyo. Lakini Kiswahili kimeweka sarufi yake kwenye irabu hizohizo zisizo na mkazo. Ndani ya behewa, mkaguzi anauliza "Umekata tiketi?" au "Amekata tiketi?" Mkazo kwa yote mawili uko kwenye *ka*. Tofauti ya wewe na yule mwenzako aliyekwenda kunawa imo ndani ya *u* na *a* ya mwanzo, silabi dhaifu kuliko zote. Ilegeze iwe *əmekata*, na watu wawili wataingiza mkono mfukoni. Mwisho wa neno ni hivyohivyo: *apande* ni ruhusa, *apanda* ni habari, na kinachozitenganisha ni irabu iliyo nyuma ya mkazo. *Mkate* unaliwa, *mkato* unaandikwa, *mkata* hana senti. Kwa mwenye shwa wote watatu ni *mkatə*, na sijui atakayeagiza chai ataletewa yupi. Mwingereza anaweza kuzilegeza irabu zake kwa sababu kwao uzito wa neno uko kwenye silabi yenye mkazo. Wetu umegawanywa neno zima, na mwisho wa neno ndiko mara nyingi kunakoamuliwa kama ni amri, ombi au kukanusha.

Wapo wanaotaka kuniziba mdomo kwa kusema Kiswahili nacho kinameza irabu. Kweli, kinameza. *Mtu* zamani alikuwa na *u* baada ya *m*, na ndugu zetu wameitunza: Kiha kinasema *umuntu*, Kinyamwezi *munhu*. *Ninakwenda* inakuwa *nakwenda*. Lakini Kiswahili kikimeza, humeza kabisa. Kwenye *mtu* irabu haikuachwa nusu hai, iliondoka, na *m* ikarithi silabi nzima pamoja na mkazo: *M-tu*, silabi mbili, mkazo kwenye *m*. Hakuna ə hapo.

Na kwa kuwa nimegusa Kiha, niseme hili. Yule kijana na wenzake wanawacheka wazee wa Kigoma wanaosema *mutu* na *mutoto*. Mimi nikiwekewa wawili hao mezani, namchagua mzee. *MU-tu* ina silabi mbili kama *M-tu*, mkazo uko kwenye silabi ileile, na irabu zake zote zimesimama wima. Sarufi sanifu itamtoza faini ndogo ya *u* moja aliyoizidisha. Kijana anadaiwa *a* tatu kila anapovuka Malagarasi.

Wewe wa kidato cha tatu uliuliza namna ya kusikika kama mwenye lugha. Kwanza, hesabu silabi kwa irabu, ukiiongeza *m* inayosimama peke yake kama ya *mtu*: kila irabu silabi yake, hata zikifuatana kama *a-i* ya *saidia*. *Atakayetusaidia* ni *a-ta-ka-ye-tu-sa-i-DI-a*. Pili, usipige mkazo sawa kwenye kila neno la sentensi, maana hapo utasikika unasoma ubaoni. Ukisema "Treni ya Kigoma imefika Tabora saa tatu", *ya* inajiegemeza kwenye *Kigoma* na haina mkazo wake, na *ta* ya *tatu* ndiyo inayorefuka kuliko zote kwa sababu kauli inatua hapo. Ukitaka kujipima, jirekodi kwenye simu ukitaja majina ya vijiji asivyovijua mdogo wako wa darasa la nne, kisha mwambie aandike anachosikia. Akiandika irabu zote kama zilivyo, umefaulu. Akikuuliza "hapo ni *a* au *e*?" rudia.

Usije ukaniletea kesho swali la maneno yanayovunja kanuni, nakujibu leo. Ni machache, mengi yametoka Kiarabu. *Lazima* kwa wazee wengi ni *LA-zima*, mkazo wa tatu kutoka mwisho. Vijana wanasema *la-ZI-ma*, wameivuta kwenye kanuni, na nimechoka kugombana nao, walau irabu zote wamezibakisha. Kuna *barabara* ya kupita, yenye mkazo wa kawaida kwenye *ba* ya pili, yaani *bara-BA-ra*, na kuna *ba-RA-bara* ya sawasawa. Hapo silegezi. Anayenijibu kwamba kazi yake imekwenda *bara-BA-ra* namuuliza kama ni ya lami au ya vumbi.