Pampu ya sola bila betri: sensa ya kisimani na floti ya tangi usiziache

"Wakuu, nina kisima kirefu cha mita 60 na nataka pampu ya sola isiyo na betri. Fundi anasema kontrola inajilinda yenyewe, sensa ya kisimani na floti ya tangi ni gharama za bure. Nimsikilize?"

Usimsikilize, mkuu. Sensa huzima pampu maji ya kisima yakishuka mno, na floti huizima tangi likijaa. Mimi wa kwangu nilimsikiliza, na mwezi wa kumi mwaka juzi tukavuta juu pampu iliyoungua.

Kisima changu kiko Kongwa, kina mita 60 kama chako, kimevalishwa bomba la plastiki la nchi 5. Pampu imening'inia mita 54. Siku tulipopima, maji yalikuwa yamesimama mita 28, na pampu ilipovuta yakashuka hadi 44 yakatulia hapo. Juu ya pampu zilibaki mita 10 za maji, wote tukaona ni nyingi. Lakini kipimo kile kilifanyika Mei, masika ndiyo kwanza yameisha. Kufika Oktoba maji yenyewe yalikuwa yamesimama mita 36, na ukivuta kwa kasi ileile hayatulii tena, yanazidi kushuka mpaka kwenye mdomo wa pampu.

Pampu yangu ni ya skrubu, zile ambazo chuma kinazunguka ndani ya mpira. Maji ndiyo mafuta yake. Yakikata, dakika chache tu mpira unaungua. Tulipoifungua mpira ulikuwa umemenyeka vipande vipande, umeng'ang'ania kwenye chuma, na harufu yake ni ya tairi lililochomwa. Pampu za mapangapanga zinavumilia kidogo zaidi, lakini nazo zikizunguka kavu joto linaziharibu.

Sasa, kwa nini kontrola haikujilinda? Nilipoifungua nikakuta kipande cha waya mwekundu, kama urefu wa kidole, kimeunganisha `WELL` na `COM`. Hapo ndipo sensa hufungwa. Kontrola ya aina yangu isipoona sensa inakataa kuwaka, kwa hiyo fundi aliiunganisha njia hiyo kwa waya, yaani aliiambia kuwa maji yapo siku zote. Ulinzi uliobaki ni ule wa kontrola kubahatisha kwa kuangalia wati: mota ikitumia wati kidogo kuliko zinazotakiwa kwa kasi yake, pengine pampu imekauka. Kwenye sola isiyo na betri wati zinapanda na kushuka kila wingu likipita, na pampu ya skrubu ikikauka mpira unakaza, hivyo wati hazishuki waziwazi. Kwa hiyo kabla hujamlipa fundi, mwambie akufungulie kifuniko uone kuna nini kwenye `WELL`. Majina hayo yanaweza kutofautiana, yatafute kwenye karatasi ya kontrola yako.

Sensa niliyoweka sasa nimeifunga kwenye bomba la kupandishia maji, mita 51, yaani mita 3 juu ya pampu. Usiiweke jirani kabisa na pampu. Bomba la nchi 5 linabeba takriban lita 12 kwa kila mita, na pampu yangu kwenye jua kali inatoa lita 2,000 kwa saa, sawa na lita 33 kwa dakika. Kwa hiyo mita 3 ni akiba ya dakika moja hivi, na kontrola inahitaji sekunde kadhaa kuhakikisha kabla ya kuzima. Ikishazima, nimeipangia isubiri dakika 30 ndipo ijaribu tena. Ukiiacha muda mfupi, itawaka maji hayajarudi, itazima, itawaka, siku nzima hivyo.

Maji yetu yana chumvi nyingi, na ile sensa ya ncha mbili za chuma huota ukoko mweupe. Ukoko ukizidi, kontrola inasema kisima kimekauka wakati maji yapo. Dalili yake ni hii: pampu inazima hata asubuhi na mapema, kabla haijavuta chochote. Unavuta sensa, unaisugua kwa siki, unarudisha.

Lakini sensa ni ngao ya mwisho. Kilichoniponya hasa ni kupunguza kasi ya juu ya mota kwenye kontrola, kutoka mizunguko 3,000 kwa dakika hadi 2,300. Kwenye pampu ya skrubu maji yanafuata kasi, kwa hiyo mchana napata kama lita 1,500 kwa saa. Nilipima kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu: zamani ilijaa kwa sekunde 36, sasa ni 48. Kwa kasi hiyo hata Oktoba maji yanatulia juu ya sensa, na jioni tangi la lita 10,000 linakuwa na maji mengi kuliko zamani, maana pampu haisimami kila mara kusubiri.

Nije kwenye floti. Nayo inalinda kisima, si tangi peke yake, kwa sababu tangi likifurika unamwaga chini maji ambayo kisima kitayahitaji kesho. Kosa kubwa nililoliona ni la jirani yangu: fundi aliupitisha waya wa paneli ndani ya floti, kama swichi ya taa. Floti zile zimetengenezwa kwa umeme wa gridi, ambao unajikata wenyewe mara nyingi kwa sekunde. Umeme wa paneli haukatiki hivyo. Swichi ikifunguka cheche inaendelea kuwaka ndani. Baada ya wiki chache vyuma vya ndani vilishikana, tangi likajaa na pampu haikuzima. Waya wa floti unatakiwa uende kwenye `TANK` na `COM` tu, ambako panapita umeme mdogo wa ishara.

Floti ina nyaya tatu, unatumia mbili. Usiamini rangi. Shika multimita, inua floti kwa mkono, ishushe, uone ni jozi ipi inakata ikiwa juu. Kama kontrola yako inakuruhusu kuchagua, tumia jozi hiyo: tangi likijaa njia inakatika, pampu inazima. Faida yake ni kwamba panya akitafuna waya au jembe likiukata, pampu inasimama na wewe unajua kuna tatizo. Ukifunga kinyume, waya ukikatika kontrola inadhani tangi halijajaa kamwe.

Urefu wa waya kati ya floti na kile kizito kinachoushikilia waya wake ndani ya tangi ndio unaoamua maji yashuke kiasi gani kabla pampu haijawaka. Mfupi sana, pampu inawaka na kuzima kila dakika chache. Mrefu sana, unapoteza jua, kwa sababu huna betri: tangi likishuka nusu mita saa kumi jioni ndipo pampu iamke, hakuna jua la kulijaza. Kwangu maji yanashuka kama sentimita 30, ambazo ni lita elfu moja na ushee.

Waya wa floti kutoka kwenye tangi, kwangu mita 120, nimeuzika mtaro wake peke yake, mbali na waya wa mota.

Kuhusu paneli, angalia volti tu. Nina tatu za wati 330, kila moja volti 46 ikiwa haina mzigo, zimefuatana: 138. Kontrola yangu mwisho wake ni 150. Asubuhi ya baridi volti zinapanda, zinafika kama 144. Mtu akikushauri uongeze ya nne kwenye mstari huohuo ili maji yaongezeke, kontrola itaungua siku hiyohiyo.