Asilimia 70 ya bei iko baada ya mwaka wa tano: je, nimeibiwa?

*Swali: Salaam aleikum bwana mhasibu. Nimeahidiwa robo ya kampuni ya malori 14 hapa Changamwe kwa milioni 66. Mshauri wao amekadiria fedha za miaka mitano, kisha akaweka "thamani ya mwisho", na hiyo peke yake ni asilimia 70 ya bei yote. Binamu yangu anasema hiyo ni dalili ya wizi, nimlazimishe akadirie miaka 10 ili ipungue. Nifanyeje? – Msomaji, Changamwe*

Waaleikum salaam ndugu yangu. Ahsante kwa kunitumia ile laha ya Excel, maana bila hiyo ningebaki kukisia.

Nianze na binamu yako, kwa sababu ushauri wake nausikia kila mara, na watu hulipia pesa nzuri kuusikia. Mshauri amekadiria kwamba kampuni itabakiwa na milioni 20 mwaka wa kwanza, kisha 22, 24, 26, na 28 mwaka wa tano. Fedha hizo amezirudisha kwenye thamani ya leo kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 15, yaani shilingi 115 za mwakani anazihesabu kuwa 100 leo, zikawa milioni 78.6. Kila kitakachoingia kuanzia mwaka wa sita hadi milele amekikusanya kwa kanuni ya Gordon, akidhani kitakua kwa asilimia 7 kila mwaka. Hapa TV ni thamani ya mwisho, CF5 ni fedha za mwaka wa tano, r ni punguzo na g ni ukuaji:

```
TV = CF5 × (1 + g) / (r − g)
   = 28 × 1.07 / (0.15 − 0.07) = 374.5
```

Hizo milioni 374.5 ni za mwisho wa mwaka wa tano. Zikirudishwa leo ni 186.2. Jumla ni 264.8, robo yake ndiyo hiyo 66 yako.

Sasa tumfuate binamu. Nimeongeza mwaka wa 6 hadi wa 10 kwenye laha ileile, fedha zikikua kwa asilimia 7 vilevile, na thamani ya mwisho nikaisogeza hadi mwaka wa 10. Miaka 10 sasa inaleta milioni 135, na thamani ya mwisho imeshuka hadi 129.8, yaani asilimia 49. Jumla? 264.8. Haikupungua hata shilingi. Ukisogeza ua wa ndani, kiwanja hakiongezeki wala hakipungui. Dhana ya asilimia 7 ilikuwa imekaa kwenye seli moja unayoiona. Sasa imetawanywa kwenye seli tano zenye sura ya makadirio ya kina, na wewe umelala usingizi mzuri zaidi kwa bei ileile. Nimeona ripoti za kurasa 60 zilizojengwa juu ya hila hii tu.

Na ile asilimia 70 yenyewe si ugonjwa. Chukua biashara isiyokua kabisa, inayoleta kiasi kilekile kila mwaka bila kikomo. Kwa punguzo la asilimia 15, karibu nusu ya thamani yake iko baada ya mwaka wa tano. Ukiipa ukuaji wa asilimia 6 kwa mwaka, sehemu hiyo inapanda hadi theluthi mbili. Kampuni hainunuliwi kwa ajili ya miaka mitano. Miaka mitano ni urefu wa subira ya anayekadiria. Kwa hiyo usimuulize mshauri kwa nini thamani ya mwisho ni kubwa. Muulize imetengenezwa na nini.

Imetengenezwa na vitu viwili: pengo kati ya punguzo na ukuaji, na ile milioni 28 ya mwaka wa tano. Tuanze na pengo. Asilimia 15 ukitoa 7 inabaki 8, na hiyo 8 ndiyo inayogawanya. Ukishusha ukuaji kuwa 5, pengo linakuwa 10, thamani ya mwisho inakuwa 294, na kampuni nzima inashuka hadi 224.8. Seli moja imebadilika kwa alama mbili, milioni 40 zimeondoka. Ndiyo maana ninamwogopa mtu anayeniletea bei yenye desimali wakati ukuaji wa milele ameuandika kwa kupenda.

Asilimia 7 milele ni ahadi gani? Lengo la Benki Kuu ya Kenya kwa mfumuko wa bei ni asilimia 5, ikiruhusiwa kupanda au kushuka kwa 2.5. Kampuni ambayo bei zake zinapanda sawa na kila kitu kingine, bila kubeba kontena moja la ziada, inakua kwa 5 hivi. Hiyo 2 iliyozidi ni mizigo zaidi, kila mwaka, bila mwisho. Mizigo zaidi inataka malori zaidi. Lakini kwenye laha ya mshauri malori ni 14 mwaka wa kwanza, 14 mwaka wa tano, na 14 hadi kiyama.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kosa linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu halionekani na halina mtu anayeligombania. Angalia mstari wa ununuzi wa vifaa, mwaka wa tano. Ameweka milioni 4, yaani matairi na kufungua injini mojamoja. Kwa miaka mitano ya kwanza sina ugomvi naye: umeniambia magari ni mapya, yamenunuliwa mwaka jana, na ni kweli hayatahitaji kubadilishwa karibuni. Lakini kanuni ya Gordon inachukua mwaka wa tano na kuurudia milele. Inasema malori haya hayatachakaa kamwe.

Kichwa na tela lake tukikadirie milioni 10, na kwenye barabara ya Mombasa hadi Malaba tukipe miaka 10 kabla hakijawa gari la gereji. Malori 14 kwa mpango huo yanakula milioni 14 kwa mwaka, si 4. (Hiyo ni bei ya leo, baada ya miaka mitano itakuwa imepanda, lakini hilo tuliache, nisije nikaambiwa natafuta ubaya.) Ukitoa milioni 10 zilizokosekana, mwaka wa kawaida wa kampuni hii hauachi 28, unaacha 18. Weka 18 kwenye kanuni, ukuaji 5, punguzo 15: thamani ya mwisho ni 189, na kwa leo ni 94. Ongeza zile 78.6 za miaka mitano, ambazo sikuzigusa. Kampuni ni milioni 172.6, na robo yake ni 43.

Linganisha na 66. Sikubadilisha njia wala punguzo, wala sikumwambia mtu kwamba ni mwizi. Thamani ya mwisho bado ni zaidi ya nusu ya bei, na safari hii sina shida nayo.

Utajuaje mwenyewe, kwa laha nyingine yoyote? Weka mstari wa uchakavu kando ya mstari wa ununuzi wa vifaa katika mwaka wa mwisho wa makadirio. Uchakavu ukiwa 14 na ununuzi ukiwa 4, huku kampuni inadaiwa kukua, simama hapo. Kampuni inayokua milele inapaswa kununua angalau sawa na kinachochakaa, na kwa kawaida zaidi. Si hesabu ngumu, na bado ninaletewa laha za shule, mabasi, mashine za barafu, zote na mwaka wa mwisho uliochaguliwa ukiwa umenona.

Ukimbana mshauri hapa, wengi wana mlango wa nyuma. Atakuambia: "Basi tuache mambo ya milele, tuseme mwaka wa tano tunaiuza kampuni kwa mara 8 ya fedha inazoleta, ndivyo soko linavyofanya." Inasikika kama mtu aliyeshuka kutoka hewani. Lakini mara 8 ya 28 ni 224, na kutoka hapo unaweza kurudi nyuma kuutafuta ukuaji alioumeza:

```
g = (TV × r − CF5) / (TV + CF5)
  = (224 × 0.15 − 28) / (224 + 28) = 0.022
```

Asilimia 2.2. Dhana ya milele haijaondoka, imevaa kanzu. Kwa bahati safari hii ni ya kiasi, lakini bado imezidishwa na 28 isiyonunua malori. Fanya na kinyume chake: 374.5 ya laha yako ukiigawa kwa 28 ni mara 13.4. Maana yake mwaka wa tano anatarajiwa mnunuzi atakayelipa sawa na fedha za miaka 13 kwa malori yaliyobakiza nusu ya umri wao. Mtafute mtu huyo kwenye yadi za Miritini, ukimpata nipigie.

Na tuliokaa mji huu hatuna udhuru wa kuandika "milele" kwa mkono mwepesi. Treni ya mizigo ya SGR ilianza Januari 2018. Agosti 2019 likatoka agizo kwamba mizigo ya Nairobi na bara ipande reli, watu wakaandamana, likasitishwa, mambo yakafika mahakamani. Septemba 2022 serikali mpya ikarudisha huduma za kuondoa mizigo bandarini Mombasa. Aliyekadiria kampuni ya malori mwaka 2017 kwa miaka mitano na ukuaji wa milele alikuta hayo yote ndani ya makadirio yake, kabla hajaufikia huo umilele. Mshauri akikuonyesha jibu moja tu, mwambie akuchoree jedwali: ukuaji 3, 5 na 7 upande mmoja, punguzo 14, 16 na 18 upande wa pili. Ukiona bei ya juu ni karibu maradufu ya bei ya chini, ujue unachojadiliana nacho ni upana huo, si ile namba iliyokolezwa wino.

La mwisho, na hili si la thamani ya mwisho ila linakuhusu moja kwa moja. Fedha zote katika laha ile zimehesabiwa kabla ya kulipa mikopo. Kwa hiyo 172.6 ni ya kampuni nzima, pamoja na sehemu ya aliyeikopesha. Malori 14 mapya mara chache hununuliwa kwa taslimu. Kabla ya kugawa kwa nne, omba kuona logibuku za magari yote. Pale jina la benki linapokaa pamoja na la kampuni, omba taarifa ya deni lililobaki, litoe kwenye 172.6, ndipo uchukue robo yako.