Kaanguka karoni: maswali yenu kuhusu hewa ya mashimo na visima

Kijana aliyekuwa anatapisha karo letu kaanguka ndani. Mwenzake akajifunga kamba kiunoni, akataka tumshikilie ashuke amtoe. Tulimzuia, na sasa majirani wanatulaumu. Tulikosea? (Mbagala, Dar es Salaam)

Hamkukosea. Mngemruhusu, huenda mngekuwa na watu wawili wa kutoa badala ya mmoja. Mwaka 1986 taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilitoa onyo kwamba zaidi ya nusu ya waliokufa kwenye mashimo na matangi ya namna hii walikuwa wale walioingia kuokoa. Hilo haliji kwa bahati mbaya. Gesi iliyomwangusha wa kwanza haijaondoka. Pengine imeongezeka, kwa kuwa alipoanguka alilitibua tope, na ndani ya tope ndimo salfidi ya hidrojeni (ile yenye harufu ya yai bovu) inamojificha. Ikiwa nyingi, mtu hupoteza fahamu kwa pumzi moja au mbili. Wanaosema "nitabana pumzi" wanasahau kwamba kumwinua mtu aliyelegea kutoka kwenye tope ni kazi ya kuhema.

Na ile kamba ya kiunoni nayo ina kasoro yake. Ukimvuta aliyezimia kwa kiuno, anajikunja katikati, kichwa na miguu vinaning'inia, na mdomo wa shimo haumpitishi. Juu ya hayo, kamba inambana tumbo asiweze kupumua. Mkanda unaofaa ni ule wa mwili mzima, unaopita mapajani na mabegani, wenye pete mgongoni kati ya mabega. Mtu hupanda akiwa wima. Lakini lazima auvae kabla ya kushuka, na kamba iwe imefungwa kwenye winchi iliyo juu ya stendi ya miguu mitatu. Hapo watu wawili wa juu wanamtoa bila mtu mwingine kuingia.

Kama hakuvaa, kazi yenu ni ya juu tu. Muiteni kwa sauti. Akiwa bado ana nguvu za kushika, mteremshieni kamba yenye kitanzi apitishe kwapani. Fungueni mifuniko yote ya karo. Kama kuna feni ya kupuliza yenye bomba refu, bomba lifike chini karibu na kichwa chake, na feni inyonye hewa kutoka upande usio na moshi wa gari wala jenereta. Mti mrefu wenye ndoano unaweza kushika nguo zake ili uso usizame, ila asimame mbali kidogo anayeushika. Kuinamisha kichwa ndani ya mdomo wa shimo kumeshaangusha watu. Sigara na moto visikaribie kabisa.

Nikipiga simu ya dharura niseme nini? Mara nyingi wanauliza maswali mengi hadi unachanganyikiwa. (Morogoro)

Tanzania piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kenya ni 999 au 112. Sentensi ya kwanza iwe hii: "Mtu amezimia kwa gesi ndani ya karo, bado yumo ndani." Ukisema tu "kuna ajali" au "mtu kaanguka shimoni", wanaweza kuja na ngazi na machela. Neno gesi ndilo linalowafanya wapakie mitungi ya hewa ya mgongoni.

Kisha taja mahali kwa alama inayoonekana barabarani, ni watu wangapi wamo, shimo lina kina gani, na mdomo wake una upana gani. Huo upana watu huusahau. Mwokoaji mwenye mtungi mgongoni huenda asipite kwenye mfuniko mdogo, na akijua mapema atakuja na vifaa vya kupanua njia. Malizia na saa aliyoanguka na kama bado anaitika. Usikate simu wewe. Mtume mtu mmoja asimame barabarani kuwaongoza, kwa sababu mitaa yetu mingi gari la zimamoto linafika jirani kisha linazunguka likitafuta.

Tumenunua kipima gesi cha gesi nne. Karo lina kina cha mita 3 na halijafunguliwa miaka mingi. Juu kilisoma O2 20.8, H2S 2, LEL 0. Katikati O2 19.6, H2S 8, LEL 4. Chini O2 17.0, H2S 45, LEL 12. CO, yaani kaboni monoksidi, ilikuwa 0 kote. Kijana anasema ni kazi ya dakika tano tu. Aingie? (Fundi, Tanga)

Asiingie. Nimefurahi kwamba mlipima ngazi tatu, maana mngepima mdomoni tu mngesema hewa ni safi.

Tuanze na mipaka ambayo vipima vingi hupangiwa kulia king'ora: O2, yaani oksijeni, chini ya asilimia 19.5, H2S, ile salfidi ya hidrojeni, kuanzia sehemu 10 katika milioni, na LEL, kipimo cha gesi inayolipuka, kuanzia 10. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Chini ya karo lako vyote vitatu vimevuka. H2S ya 45 peke yake haimwangushi mtu papo hapo, itamwasha macho na koo kwanza, na hapo ndipo kijana wako anapopata ujasiri. Lakini hiyo 45 umeisoma tope likiwa limetulia. Akilikoroga kwa koleo, namba inaweza kupanda hadi mamia kwa muda mfupi sana. Ikikaribia 100 pua inachoka na harufu inapotea, naye atadhani hali imetengemaa. Kati ya 500 na 1,000 ni kuzimia na kufa.

LEL 12 maana yake ni asilimia 12 ya kiwango cha chini kabisa kinachoweza kulipuka. Kwa methani kiwango hicho ni asilimia 5 ya hewa, kwa hiyo mna methani kama asilimia 0.6. Hailipuki leo, ila inaonyesha karo bado linazalisha.

Sasa tazama oksijeni, kwa sababu wengi huisoma haraka na kuipita. Imepungua kutoka 20.9 hadi 17.0, yaani 3.9 haipo. H2S ya sehemu 45 katika milioni haiwezi kuziba pengo hilo, na methani ya 0.6 haitoshi. Kilichobaki ni kwamba bakteria wameila oksijeni na kutoa kaboni dioksidi, au kaboni dioksidi imejaa kutoka kwenye tope na kuisukuma hewa itoke. Hata kwa hesabu ya kwanza, iliyo nyepesi, kaboni dioksidi inaweza kufika karibu asilimia 4, na hicho ni kiwango kinachohesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Kipima chako hakina sensa ya gesi hiyo. Kwa hiyo 17.0 si "oksijeni imepungua kidogo". Ni dalili ya kitu kingine ambacho skrini haikuonyeshi.

Mfanye nini? Kwanza jiulizeni kama kuna haja ya mtu kuingia. Lori la kunyonya maji taka linashusha bomba kutoka juu, na tope gumu hulegezwa kwa maji ya presha kutoka juu vilevile. Kazi nyingi za karo huishia hapo. Ikibidi kuingia, nyonyeni kwanza, pulizeni hewa safi kwa bomba linalofika chini, kisha pimeni upya ngazi zote tatu mpaka chini isome 20.9 au karibu yake sana, na H2S na LEL zikae kwenye sifuri. Feni isizimwe mtu akiwa ndani. Kipima avae kifuani, karibu na pua. King'ora kikilia anatoka, hakuna "nimalizie kidogo".

Mambo mawili ya kifaa chenyewe. Someni O2 kwanza kabla ya LEL, kwa sababu sensa ya LEL katika vipima vingi huchoma gesi kidogo ndani yake ili ipime, na bila oksijeni ya kutosha inasoma uongo. Pili, mkikishusha kwa kamba au mkitumia mpira wa kunyonya, subirini kila ngazi namba zitulie, dakika moja au mbili, na zaidi kama mpira ni mrefu. Kila asubuhi kijaribuni kwa mtungi mdogo wa gesi ya majaribio. Kuwaka kwa skrini si ushahidi kwamba sensa inafanya kazi.

Kisima chetu ni kirefu, maji masafi, hakina harufu. Wazee huteremsha mshumaa, ukizimika hawaingii. Haitoshi? (Singida)

Mshumaa ukizimika, wazee wana haki: oksijeni imeshuka hadi 16 au 17. Usipozimika haujasema kitu. Hauoni H2S, hauoni moshi wa injini, na ukikutana na methani unaweza kuwa kiberiti.

Kwa visima ningependa mchunge zaidi pampu ya petroli. Wakati wa kiangazi maji yakishuka, watu huiteremsha ndani ili ifikie. Moshi wake una kaboni monoksidi, isiyo na harufu, nao unajaa kisimani. Mtu anashuka kurekebisha injini na hapandi. Pampu ya injini ikae juu, mbali na mdomo wa kisima. Ikibidi kuteremsha, teremsheni ya umeme ya kuzama majini.

Tulimtoa, akazinduka baada ya dakika chache. Tukampa maziwa, akasema yuko sawa, akaenda nyumbani. Kuna tatizo? (Kisauni, Mombasa)

Mpelekeni hospitali leo. Salfidi ya hidrojeni huumiza mapafu, na maji yanaweza kujaa mapafuni saa kadhaa baadaye, hata kesho yake. Mwambieni daktari alizimia kwa gesi ya shimo na alikaa ndani muda gani. Maziwa hayaondoi gesi iliyoingia kwa pumzi, na kwa mtu ambaye hajazinduka vizuri yanaweza kupita njia ya hewa.

Siku nyingine, mkimtoa asiyepumua, mlazeni upande upepo unakotokea, mbali na shimo, mumvue nguo zilizolowa tope. Mkandamizeni kifua katikati, kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Pumzi mbili kila baada ya kukandamiza mara 30 zinasaidia sana kwa aliyekosa hewa, lakini mtumie kizuizi cha mdomo au mfuko wa kupulizia. Kama havipo, endeleeni na kifua.

Ndugu yetu amefariki kwenye tangi la maji taka la kampuni alikofanya kazi. Msimamizi anasema "tutaandika ripoti mwisho wa mwezi". Yuko sahihi? (Thika)

Poleni sana. Hapana, hayuko sahihi. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri amjulishe afisa wa usalama kazini wa eneo ndani ya saa 24 za kifo, kisha apeleke taarifa ya maandishi ndani ya siku 7. Kwa fidia kuna sheria nyingine ya mwaka huohuo, WIBA, na fomu ya mwajiri inaitwa DOSH/WIBA 1. Ombeni nakala yake.

Nyinyi pia msisubiri. Ripotini polisi mpate nambari ya OB, na mwende wenyewe ofisi ya kaunti ya DOSHS, idara ya usalama na afya kazini. Andikeni sasa hivi, kabla kumbukumbu hazijachujuka: nani alimtuma kuingia, saa ngapi, kama palikuwa na kipima gesi na nani alikisoma, kama alivaa mkanda, nani alikuwa amesimama juu. Pigeni picha za mdomo wa tangi, feni kama ipo, na vifaa vilivyoachwa. Kama tangi litafunikwa au kusafishwa kabla afisa hajafika, mjulisheni kwa maandishi kwamba limefanyika na tarehe yake.