Kichwa kimehamishwa, sasa kinaenda kuprintiwa: maswali yenu

Picha yangu inasoma pikseli 72 kwa inchi, nikiandika 300 kwenye Image Size ya Photoshop si itakuwa kali?

Hapana. Hili nalijibu kila mara jamani. Ukiwa umetoa tiki ya Resample hujaongeza hata pikseli moja, umebadilisha maandishi tu. Ukiiacha tiki, mashine inabuni pikseli ambazo kamera haikuziona. Hesabuni pikseli, hiyo namba achaneni nayo.

Habari kaka, niko Kisasa hapa Dodoma. Picha ya familia ya sendofu, mjomba alifumba macho, nikamchukulia kichwa kwenye picha nyingine ya siku hiyohiyo. Kwenye laptopu safi kabisa, tumeprinti A1 ya sebuleni mjomba anaonekana kama stika. Tatizo ni printa?

Printa muache apumzike. Kamera iliyotumika ni ya pikseli 6000 kwa 4000, ukikata ikae umbo la A1 unabaki na kama pikseli 170 kwa kila inchi, na kwa picha ya ukutani hiyo inatosha kabisa. Shida ni kichwa. Nimezipima picha ulizonitumia: kwenye picha kuu sura za watu wa mstari wa mjomba zina upana wa pikseli kama 200, yaani sentimita 3 hivi kwenye karatasi, ila ile uliyomtoa mjomba mpigapicha alikuwa amerudi nyuma ili ukumbi wote uingie, sura yake ina pikseli 110 tu. Umeivuta karibu mara mbili ndo ikalingana, sasa shangazi pembeni ana kope na vinyweleo na mjomba ana uji.

Kwenye laptopu hukuona kwa sababu picha nzima ulikuwa unaiangalia imebanwa iingie kwenye kioo. Pima sura kabla hujakata chochote. Mimi nikiona kichwa kinahitaji kuvutwa zaidi ya asilimia 120 natafuta picha nyingine, na kama haipo bora mjomba abaki na macho yake yamefumba, ndugu watacheka yataisha.

Na kinyume chake kipo. Kichwa kikitoka kwenye picha ya karibu ukakipunguza, kinakuwa kikali kuliko majirani na chenga za kamera zinapotea, ngozi inakuwa laini kama imepigwa pasi. Hapo weka Gaussian Blur kidogo sana kwenye leya ya kichwa, halafu Add Noise yenye Monochromatic, anza na 2, ongeza mpaka shavu lake lifanane na mashavu ya jirani wa kushoto na kulia. Linganisha kwa asilimia 200, usilinganishe kwa kukumbuka.

Nishapeni kabla ya kuunganisha au baada?

Baada, na baada ya kuweka saizi ya mwisho, mara moja tu. Ukishapeni kichwa peke yake, halafu picha nzima, kichwa kimepigwa mara mbili na utaona kamstari keupe kanazunguka kidevu. Kwa A1 kama ya huyo wa Kisasa anza Unsharp Mask na Amount 100, Radius 1, Threshold 3, kisha kwa maski ondoa kwenye ngozi ili kazi ibaki kwenye macho, nywele na vitenge. Kanvasi inameza ukali, ongeza kidogo. Karatasi ya kung'aa haimezi.

Mteja anaitaka kesho, kuna haja ya kuprinti ya majaribio?

Ipo. Kata kipande cha A4 chenye kichwa kilichohamishwa na majirani wawili, Scale iwe 100%, usiiache printa ikaminya picha nzima kwenye A4 maana hapo hujajaribu kitu. Tumia mashine ileile na karatasi ileile. Kisha sogea sentimita 30, maana picha ya sebuleni si bango la barabarani, ndugu wanakuja kuweka kidole kwenye kioo. Angalia mstari wa taya na shingo, sikio, nywele zinapokutana na nyuma, na kale ka mwanga kwenye mboni kako upande gani. Jua letu la Dodoma saa saba linapiga kivuli kikali chini ya pua, kichwa cha saa kumi ukikibandika hapo kila mtu atajua hata asipojua kwa nini.

Tunataka kumweka marehemu baba, tuna pasipoti saizi tu.

Muulizeni mama kwanza, msimfanyie sapraizi. Akikubali, msiipige na simu, iskanini kwa pikseli 600 kwa inchi. Sura ya sentimita 2 inatoa pikseli zaidi ya 450, inatosha. Mwanga wa studio umelala, kwa hiyo muwekeni upande wa kivulini.

Nimekutumia kwa wasapu niangalizie kama inafaa kuprinti.

Itume upya kama Document. Hiyo imeshaminywa, siwezi kukuambia kitu.