Somo la uwandani: kupima mtiririko wa kijito

Swali: Nina wanafunzi 30 na vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Nataka wapime kijito kilicho karibu na shule. Nipange vipi andalio, fomu ya data na usalama, na nifanyeje wasinakiliane ripoti?

Jibu: Andalio libebe swali moja tu: ni maji kiasi gani yanapita hapa kwa sekunde? Tenga dakika 15 za maelekezo, 45 za kupima na 20 za kuhesabu palepale, maana kosa likionekana mkiwa bado mtoni, linarekebishika. Unda vikundi vitano vya watu sita, kila kimoja na eneo lake.

Juu ya fomu ziwepo tarehe, kikundi, eneo na hali ya hewa. Chini yake weka jedwali la kina cha maji kila nusu mita, jedwali la muda wa chungwa kuelea mita 10, mara tano, na safu ya maoni. Safu hiyo usiiache. Tuseme kikundi kimepata sekunde 24, 26, 25, 41 na 25. Kama wameandika kwamba chungwa lilinasa kwenye jiwe, 41 inaondolewa kwa sababu inayojulikana. Bila maelezo hayo, kuifuta ni kubahatisha.

Wastani wa nne zilizobaki ni sekunde 25, yaani kasi ya mita 0.4 kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, hivyo zidisha kwa 0.85 upate 0.34. Kijito kikiwa na upana wa mita 3 na vina vya 0.12, 0.20, 0.26, 0.18 na 0.10, jumla ni 0.86, mara 0.5 ni mita za mraba 0.43. Zidisha kwa 0.34: takriban mita za ujazo 0.146, yaani lita 146 kwa sekunde. Rula ielekezwe ukingo wake mwembamba kwenye mkondo, la sivyo maji hupanda mbele yake na kina kinazidi.

Kuhusu usalama, kagua mahali hapo siku moja kabla na tena asubuhi ileile. Maji yakivuka goti la mwanafunzi mfupi kuliko wote, au mkondo ukiwa mkali, hakuna anayeingia. Ukijua kuna kichocho, pimeni mkiwa darajani au chagua kijito kingine. Wote wavae viatu vilivyofungwa, mtu mzima mmoja asimame chini ya mkondo, na wahesabiwe kabla na baada. Maji yakigeuka ghafla kuwa ya matope au yakianza kupanda, tokeni mara moja: huenda mvua imenyesha huko juu ingawa kwenu jua linawaka.

Ripoti iwe ya kurasa mbili, baada ya siku tatu, na fomu halisi iambatanishwe hata kama imelowa. Kunakiliana hupungua ukimtaka kila mmoja aeleze kwa nini jibu la kikundi chake linatofautiana na la kikundi kilicho juu yake kwenye mkondo: kijito kingine kimeingia katikati, au kipimo kimekosewa? Sehemu hiyo ipe alama nyingi kuliko zote.