Kisanduku chekundu kilikuwa kikihama

Nilipoamua kurudia Hisabati ya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, jambo la kwanza nililofanya hapa Wete ni kununua karatasi ya manila na kalamu za rangi za kuchorea ratiba ya kusoma. Kijani ikawa ya aljebra, buluu ya takwimu, nyekundu ya trigonometria, somo lililoniangusha skuli. Nilipiga mistari kwa rula kuanzia baada ya alasiri mpaka adhana ya magharibi, nikalala nimeridhika kama mtu aliyesoma kutwa.

Siku mbili baadaye umeme ulikatika usiku, nikakosa kipindi. Badala ya kuendelea pale nilipoachia, nilichora ratiba mpya. Wiki ya tatu nilikuwa na ratiba nne, na daftari la mazoezi lina kurasa tatu tu. Mdogo wangu alizipanga sakafuni akaniuliza, "Dada, mbona hii nyekundu inahama kila mara?"

Kweli. Ya kwanza ilikuwa Jumatatu, ya pili Alhamisi, ya tatu Jumamosi, ya nne wiki ijayo. Kijani haikuondoka mahali pake hata mara moja. Basi ukitaka kujijua, usiitazame ratiba ya leo peke yake. Ziweke zote pamoja utafute kisanduku kinachosogezwa mbele. Hicho ndicho unachokikimbia, na kuchora ndiyo njia ya kukikimbia bila kuona haya, maana rula haikwambii umekosea. Swali linakwambia.

Jioni ile niliandika kwenye kipande cha karatasi maswali matatu ya trigonometria kutoka mitihani iliyopita, bila saa wala rangi. La kwanza: umesimama mita 20 kutoka shina la mnazi, unakiona kilele kwa pembe ya mwinuko ya nyuzi 35, mnazi una urefu gani? Tuchukulie jicho liko usawa wa ardhi. Nilifanya bila kutazama majibu, nikapata mita 11.5. Jibu ni 14.

Niliposahihisha nikaona nilizidisha 20 kwa sin 35°, kana kwamba mita 20 ndio upande mrefu unaopanda mpaka kileleni. Kumbe ni upande wa chini, uliolala ardhini, kwa hiyo ni 20 × tan 35°. Hesabu ya kuzidisha ilikuwa sawa. Nilichokosa ni kuchora pembetatu na kuandika jina la kila upande kabla ya kuchagua kanuni.

Hapo ndipo mpango ulipostahili kubadilika. Kesho yake niliacha maswali mawili yaliyobaki, nikachora pembetatu kumi bila kukokotoa chochote, nikiandika majina ya pande tu. Kubadili ratiba kwa sababu umesahihisha ukagundua kosa ni kazi. Kuibadili kwa sababu umekosa kipindi na roho inakusuta, hapo bado hujasoma.

Siku ya tatu nilirudi kwa mnazi, nikapata 14.